Rigi ya begani inayouacha huru mkono wa kushoto

Kamera ndogo ikishikwa vizuri kwa mikono miwili hutoa picha iliyotulia, mradi mtu unayemrekodi asisogee. Akianza kusogea, mkono wa kushoto unapata kazi mbili kwa wakati mmoja: kubeba lenzi na kuzungusha fokasi. Kila vidole vinapozungusha pete, uzito unahama na fremu inatikisika. Kwa hiyo rigi nzuri ya dokumentari, yaani kifaa cha kubebea kamera begani, haipimwi kwa wingi wa vyuma vyake. Inapimwa kwa swali moja: je, bega, mkono wa kulia na mizani ya nyuma vinaweza kubeba kila kitu, ili mkono wa kushoto ushughulike na fokasi peke yake?

Nitatumia kazi moja ya mfano mwongozo wote. Unamfuata fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji, Nairobi. Anapiga nyundo, anageuka kuchukua bati, anapita kwenye njia nyembamba kati ya majiko na mikokoteni, anasimama kuongea na mteja. Hakuna pa kusimamisha traipodi na hakuna kumwambia arudie. Kamera ni ya sensa kubwa isiyo na kioo cha ndani, na lenzi ni moja tu, milimita 35.

Anza na lenzi, kabla hujanunua chuma chochote

Folo fokasi, yaani gurudumu la gia linalozungusha pete ya lenzi, ina maana tu kama pete hiyo inarudi mahali pale pale kila mara. Lenzi nyingi za kisasa zenye fokasi ya otomatiki hazina kiungo cha chuma kati ya pete na vioo. Pete inatuma ishara kwa mota, inazunguka bila kikomo, na mara nyingi umbali inaosogeza fokasi unategemea kasi ya mkono wako. Ukichora alama ya mita 2, baada ya mizunguko michache alama hiyo itakuwa inakudanganya.

Kipimo ni rahisi. Zima kamera, zungusha pete. Ikigonga ukuta upande wa karibu na upande wa mbali, lenzi inafaa. Isipogonga, angalia kwenye menyu ya kamera kama kuna mpangilio wa kuifanya fokasi iende sawasawa na mzunguko wa pete. Baadhi ya kamera zinao. Kama haupo, mimi ningetafuta lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono pamoja na adapta yake. Jua tu kwamba lenzi za Nikon huzungushwa kinyume na za Canon, kwa hiyo chagua upande mmoja ubaki nao, la sivyo mkono utakuwa unapotea kila ukibadilisha lenzi.

Keji

Nunua keji, yaani fremu ya chuma inayoizunguka kamera, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa. Keji inayouzwa kuwa inafaa kamera zote hushikwa na skrubu moja ya chini, na skrubu moja haizuii kamera kuzunguka. Unachotafuta ni mdomo au pini inayokumbatia mwili wa kamera, na ikiwezekana sehemu ya pili ya kufungia, pale pa mkanda au juu kwenye kiatu cha flashi. Ukishafunga, shika keji kwa mkono mmoja, shika lenzi kwa mwingine, jaribu kusokota. Kamera ikicheza hata kidogo, folo fokasi itaisukuma hivyo hivyo kila unapobadilisha mwelekeo. Hakikisha pia mlango wa betri na wa kadi unafunguka keji ikiwa imefungwa.

Hapa kuna jambo la skrubu ambalo linawaokoa watu wengi wa Nairobi. Tundu la chini la kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Bolti za robo inchi za Whitworth zinazouzwa kwenye maduka ya bolti, kwa mfano Kirinyaga Road, zina idadi hiyo hiyo ya nyuzi, na za inchi tatu kwa nane zina nyuzi 16 sawa na zile kubwa za vifaa vya kamera. Kwa hiyo bolti ikipotea, huhitaji kuagiza nje. Ila usikubali kupewa M6. Inakaribia kulingana kwa macho, inaingia ikicheza, halafu baada ya mzunguko mmoja au miwili inakwama. Ukiilazimisha unakula nyuzi za keji. Na bolti ya kuingia kwenye kamera yenyewe isizidi milimita 4 na nusu hadi 5 juu ya sahani, kwa sababu tundu la kamera ni fupi. Bolti ikiwa ndefu, ikate kwa msumeno wa chuma, uipige tupa, uijaribu kwanza kwenye nati.

Rodi

Vifaa vyepesi vya aina hii hutumia rodi mbili za milimita 15, zenye milimita 60 kati ya kiini cha moja na kiini cha nyingine. Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyofanya pedi ya bega ya kampuni hii ikubali mishikio ya kampuni ile. Ukitaka kukatiwa bomba la alumini mjini, nenda na kalipa. Bomba linaloitwa la inchi tano kwa nane lina karibu milimita 15.9 na halitaingia kwenye klempu. Bomba la shaba la maji la milimita 15 lina kipenyo cha nje kinacholingana, ila kuta zake ni nyembamba na klempu inaweza kuliponda, kwa hiyo ndani yake ingiza kijiti cha mbao kilichobana pale klempu inapokaa. Mimi ningetumia bomba la shaba upande wa nyuma tu. Mbele, kwenye folo fokasi, kaa na rodi za kweli.

Unahitaji kama sentimita 60 kwa jumla. Chukua jozi mbili za sentimita 30 zinazounganishwa kwa skrubu, ili rigi iingie kwenye begi.

Kamera ikae wapi

Watu wengi huweka kamera mbele ya uso, ili waone skrini yake. Inaonekana ndiyo njia ya kawaida, na ndiyo chanzo cha maumivu ya mgongo. Kamera ikiwa mbele ya uso lazima iwe mbali na bega. Badala yake, iweke juu ya mstari wa bega la kulia, kando ya shavu, uivute nyuma kadiri kichwa kinavyoruhusu. Kisha weka monita ndogo kwenye mkono wa chuma upande wa kushoto, mbele ya jicho, sentimita 30 hivi.

Tofauti yake inahesabika. Mizani ya bega inafanya kazi kama mzega wa mchukuzi wa maji: kinachoamua ni uzito pamoja na umbali wake kutoka begani. Kwa hiyo pima kila kipande kwenye mizani ya jikoni, kisha zidisha kilo kwa sentimita kutoka katikati ya pedi.

Chukua rigi ya mfano wetu. Kamera, lenzi, keji, sahani ya chini, mshikio wa juu na monita: kilo 2. Folo fokasi: kilo 0.4. Mishikio ya mbele na klempu yake: kilo 0.5. Kamera ikiwa mbele ya uso, vitu hivi vinakaa sentimita 20, 28 na 33 kutoka kwenye pedi. Unapata 40, 11.2 na 16.5, jumla 67.7. Ili kusawazisha kwa mzigo ulio sentimita 27 nyuma, unahitaji kilo 2.5.

Sasa vuta kila kitu nyuma sentimita 8. Umbali unakuwa 12, 20 na 25, na hesabu inakuwa 24, 8 na 12.5, jumla 44.5. Nyuma unahitaji kilo 1.65 tu. Umepunguza kilo 0.85 bila kununua chochote, na bega litaisikia tofauti hiyo kabla ya saa sita mchana.

Uzito wa nyuma

Sehemu ya kwanza ya uzito huo iwe betri, kwa sababu betri ni mzigo unaofanya kazi. Betri kubwa ya V-mount pamoja na sahani yake tuiweke kilo 0.9. Ikikaa sentimita 26 nyuma inatoa 23.4. Chagua isiyozidi Wh 100, maana ukipewa kazi ya kuruka kwenda Lodwar au Mombasa, kiwango hicho ndicho ambacho mashirika ya ndege kwa kawaida hukubali kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba ruhusa maalumu. Jihadhari na jambo moja: betri hiyo inatoa takriban volti 14.4, na kamera ndogo nyingi hutaka volti 7 au 8. Betri bandia inayoingia kwenye kamera lazima iwe na kipunguza volti chake. Waya wa moja kwa moja utaichoma kamera.

Kilichobaki ni 21.1. Hapa ndipo mafundi wa jua kali wanapokuwa na faida kuliko duka lolote la mtandaoni. Omba kipande cha chuma bapa, urefu sentimita 10, upana 5, unene 2. Chuma kina takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kipande hicho kina gramu 785. Kitobolewe matundu mawili ya kupitisha rodi, na kitabaki na gramu 730 hivi. Kikikaa sentimita 29 nyuma kinatoa 21.2, na rigi imesawazika.

Maelekezo kwa fundi yawe mafupi na yenye vipimo: "Fundi, nataka matundu mawili ya milimita 15 na nusu. Kutoka kiini cha hili hadi kiini cha lile, milimita 60 kamili. Tumia drili ya kusimama, si ya mkononi." Drili ya mkononi inayumba kwenye chuma kinene, na tundu likienda mshazari rodi zote mbili hazitapita. Nenda na rodi zako uzijaribu hapo hapo kabla hujalipa. Mwombe pia tundu dogo pembeni lenye nyuzi za M5, la skrubu ya kukaza kwenye rodi. Pembe zipigwe tupa ziwe butu, kisha funika kipande chote kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kumbuka kwamba chuma hicho kiko nyuma ya bega lako, usawa wa uso wa mtu aliye nyuma yako sokoni.

Kuhakiki, weka rigi begani, mwambie mwenzako aweke viganja chini ya lenzi bila kuigusa, kisha achia mikono yote miwili. Rigi ikikaa sawa au ikainama mbele polepole, ni nzuri. Ninapendelea iiname mbele kidogo, kwa sababu mkono wa kulia unainua kwa utulivu kuliko unavyokandamiza. Ikiinama nyuma, sogeza chuma mbele sentimita moja moja. Jumla ya rigi hii, pamoja na pedi na rodi, inafika kama kilo 5.2. Ni mzigo wa kweli. Lakini uzito huo ndio unaoua mtetemo mdogo wa mikono ambao kamera tupu ya gramu 700 haiwezi kuuficha.

Folo fokasi

Gia ya folo fokasi na pete ya meno ya lenzi zote ziwe za moduli 0.8, ambayo ndiyo saizi ya kawaida kwenye vifaa vya filamu. Pete ya meno ikiteleza kwenye lenzi, usiikaze hadi lenzi iwe nzito. Zungusha tepu ya umeme mara moja kwenye pete ya lenzi, kisha urudishe ya meno juu yake.

Kuunganisha meno kunahitaji subira. Legeza klempu, sukuma gia hadi iguse, kisha irudishe nyuma unywele mmoja na ukaze. Halafu fanya majaribio mawili. La kwanza: sogeza gurudumu kidogo kushoto na kulia ukitazama pete ya lenzi. Gurudumu likitembea huku pete imesimama, kuna mchezo, na fokasi yako itachelewa kila unapogeuza mwelekeo. La pili: tazama monita ikiwa imekuzwa kwenye kitu chenye mstari wima, kama ukingo wa mlango, uzungushe huku na huku. Ukingo ukiruka pembeni unapogeuza mwelekeo, umebana kupita kiasi na gia inaisukuma lenzi. Ukiruka hata baada ya kulegeza, rudi kwenye keji, kamera inacheza.

Alama zichorwe nyumbani, si kazini. Tandaza futi ya kupimia sakafuni kuanzia chini ya alama ya sensa, ile ya duara lililokatwa na mstari juu ya kamera, si kuanzia mbele ya lenzi. Weka kiti chenye gazeti kwenye mita 1, 1.5, 2, 3 na 5. Fungua lenzi hadi mwisho, kuza picha, pata fokasi kwenye maandishi, chora mstari kwa penseli kwenye kisahani cheupe cha gurudumu. Fika kila alama ukitokea upande wa karibu, kisha ukitokea upande wa mbali. Mistari miwili ikitofautiana, nafasi iliyo kati yake ndiyo mchezo uliobaki kwenye meno.

Kule Kamukunji usifanye kazi lenzi ikiwa wazi kabisa. Milimita 35 kwenye f/5.6, fokasi ikiwa mita 2, inashika kuanzia karibu mita 1.6 hadi mita 2.7. Fundi akiinama na kuinuka yumo ndani bila wewe kugusa gurudumu, na unalizungusha tu anapohama kweli: alama ya mita 1.5 kwa mikono na nyundo, alama ya mita 3 anapoondoka. Mwanga wa jua utakulazimisha kuweka kichujio cheusi mbele ya lenzi, kwa kuwa kwenye fremu 25 kwa sekunde unataka shata ibaki 1/50. Kasi hiyo pia inaendana na umeme wetu wa Hz 50, ukiingia ndani ya kibanda chenye taa.

Stebilaiza ya ndani ya kamera

Lenzi ya zamani haiiambii kamera ni ya milimita ngapi. Ingia kwenye menyu ya stebilaiza uandike 35 mwenyewe. Ikiwa imebaki 50 kutoka lenzi nyingine, kamera itasahihisha kupita kiasi na picha itakuwa na mtikisiko wa ajabu ambao watu huisingizia rigi. Na unapotembea na lenzi pana, tazama pembe za fremu: zikiyumba kama zinavutwa huku katikati kumetulia, zima stebilaiza na utegemee bega.

Bega lenyewe lina mpaka. Linatuliza kuyumba kwa pembeni na mtetemo wa mikono, ila haliondoi kudunda kwa hatua. Kunja magoti, tua kwa kisigino taratibu, viwiko vibane mbavu. Shoti ya kutembea umbali mrefu nyuma ya mtu ni kazi ya gimbo, kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, na hakuna pedi itakayobadilisha hilo.

Nyaya, na safari

Waya wa HDMI ufungwe kwenye keji kwa klempu yake, kwa sababu tundu dogo la kamera huvunjika kwa mvuto mmoja. Acha kitanzi kidogo, kisipite karibu na gurudumu.

Mitetemo ya bodaboda na matatu hulegeza skrubu. Zile usizozigusa kila siku, yaani za keji, mshikio wa juu na viungo vya rodi, zitie tone la gundi ya skrubu ya bluu, au rangi ya kucha ikikosekana. Zile za kurekebisha ziache kavu. Ndani ya begi, rigi iwe imegawanyika mara mbili: rodi za nyuma pamoja na betri na chuma upande mmoja, kamera na keji upande mwingine, folo fokasi ikiwa imesukumwa mbali na lenzi ili meno yasigongane njiani. Weka alama ya tepu kwenye rodi pale kila klempu inapokaa. Ukifika, unarudisha kila kitu kwenye tepu yake na mizani iko vile vile, ila majaribio mawili ya gurudumu yarudie kila mara.

Na mahali ambapo rigi nzima inavuta macho mengi, au askari wa kaunti wanaanza kuuliza kibali ukiwa bado unakitafuta mfukoni, toa kamera na keji kwa sahani yake ya haraka na uendelee na mshikio wa juu peke yake. Ukifanya hivyo, funga lenzi hadi f/8, weka fokasi mita 2.5 na uiache hapo.